Unaapia nini hasa? Hati ya kiapo ya mtunza ghala, aya kwa aya

Tuchukue shauri la kubuni, ingawa yanayofanana nalo hayakosekani katika masijala za mahakama. Kampuni moja ya Dar es Salaam imeagiza mchele kutoka Mbeya: magunia 1,200 ya kilo 50 kwa malori mawili, bei shilingi 2,400 kwa kilo, jumla shilingi milioni 144. Ikatoa hundi ya tarehe ya mbele. Lori la kwanza likashusha salama. La pili likafika usiku baada ya mvua, na kulipokucha sehemu ya mzigo ikaonekana imeloa. Mnunuzi akaagiza benki isilipe hundi, na muuzaji akafungua shauri.

Hapo ndipo mtunza ghala anapoitwa ofisini kwa bosi, anakuta karatasi nne zimeandaliwa na wakili, anaambiwa, "Saini hapa, ni utaratibu tu." Makala hii ni kwa ajili yake, kwa sababu karatasi zile ni ushahidi wake.

Na katika shauri la aina hii huenda ndio ushahidi pekee atakaoutoa kwa sasa. Muuzaji aliyedai kwa hundi anaweza kufuata njia ya mkato iliyomo katika Amri ya 35 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Kwa njia hiyo mdaiwa hajitetei mpaka kwanza aombe ruhusa ya kujitetea, na maombi hayo yanabebwa na hati za kiapo. Jaji hamwiti mtunza ghala asimulie. Anasoma alichoapa, anasoma alichoapa mwenzake wa upande wa pili, kisha anaamua kama kuna jambo la kubishaniwa au muuzaji apewe hukumu yake palepale. Jambo ambalo halimo kwenye karatasi ni kama halikutokea.

Juu kabisa

Ukurasa wa kwanza unaanza na jina la mahakama, namba ya maombi, namba ya shauri yalikotokana, na majina ya pande mbili. Shahidi wengi huchanganyikiwa wanapoona bosi wao, aliyeshtakiwa, ameandikwa "mwombaji", na aliyeshtaki ameandikwa "mjibu maombi". Hakuna kosa. Katika shauri la msingi bosi ni mdaiwa, lakini katika maombi haya ni yeye anayeomba ruhusa. Kagua tu kwamba jina la kampuni limeandikwa kama lilivyosajiliwa, kisha shuka chini.

Chini yake utakuta maneno haya: "Mimi, (jina kamili), mtu mzima, Mwislamu, mkazi wa Dar es Salaam, NATHIBITISHA na kueleza kama ifuatavyo." Watu huuliza dini inahusiana nini na mchele. Inahusiana na namna ya kujifunga. Kwa Sheria ya Viapo na Matamko Rasmi, Sura ya 34, Mkristo anaapa na asiye Mkristo anathibitisha. Uzito ni uleule na adhabu ya kusema uongo ni ileile. Cha kuangalia ni kwamba neno lililotumika hapa liwe hilohilo litakalotumika mwishoni mbele ya kamishna wa viapo. Hati inayoanza na "nathibitisha" na kumalizia na "imeapwa" inampa wakili wa upande wa pili kitu cha kuchezea.

Kuanzia hapo kila aya inafunguliwa na "Kwamba". Ni sentensi moja ndefu inayoendelea kutoka "kueleza kama ifuatavyo", imekatwakatwa na kupewa namba ili kila jambo liweze kujibiwa peke yake.

Aya ya kwanza na ahadi yake

"Kwamba, mimi ni mtunza ghala wa mwombaji, na kwa nafasi hiyo ninafahamu vema mambo ninayoyaeleza katika hati hii."

Maneno haya yanaonekana ya kawaida kiasi kwamba hakuna anayeyasoma. Lakini ukishasema kwa nafasi yako unafahamu vema, umejifungia mipaka. Mtunza ghala anafahamu kilichoingia na kutoka ghalani. Hafahamu kilichozungumzwa kati ya wakurugenzi wakati wa kupatana bei, wala benki iliambiwa nini kuhusu hundi. Ukikuta aya inayosema "pande zote zilikubaliana kwamba malipo yatafanyika baada ya ukaguzi", na wewe hukuwepo wanakubaliana, aya hiyo si yako. Ipelekwe kwenye hati ya mkurugenzi. Kuikataa si kumsaliti bosi; mkurugenzi ataapa vizuri zaidi juu ya jambo alilolifanya mwenyewe.

Kilichoonekana, na kinachodhaniwa

Rasimu nyingi zina aya kama hii: "Kwamba, tarehe 14 Machi mjibu maombi, kwa nia ovu na kinyume cha mkataba, alileta mchele mbovu usiofaa kwa matumizi ya binadamu."

Inasikika kali. Ukiichambua, karibu hakuna kitu ndani yake ambacho mtunza ghala anaweza kukisimamia. Nia ovu iko moyoni mwa mtu mwingine. Kama mzigo ulikuwa kinyume cha mkataba, hilo ataliamua jaji baada ya kuusoma mkataba. Kama mchele haufai kuliwa, hilo ni la mpimaji mwenye maabara. Kinachobaki ni tarehe.

Kanuni yenyewe ni ya zamani na inanukuliwa karibu kila wiki. Katika shauri la Matovu la Uganda, lililoripotiwa mwaka 1966, mahakama ilisema hati ya kiapo inasimama badala ya ushahidi wa mdomo, kwa hiyo ibebe mambo ya hakika tu: yale anayoyajua mwapaji mwenyewe, au aliyopewa taarifa yake na anaiamini. Isiwe na pingamizi, wala maombi, wala hoja za kisheria, wala hitimisho. Mahakama za Tanzania zinaifuata. Ndiyo maana hata sentensi ya heshima kama "naiomba mahakama yako tukufu impe mwombaji ruhusa" haina nafasi ndani ya hati ya shahidi. Maombi yana karatasi yake.

Aya ileile, ikiandikwa na mtu aliyemsikiliza mtunza ghala, ingekuwa hivi:

"Kwamba, tarehe 15 Machi saa 1 asubuhi nilisimamia ushushaji wa lori la pili. Niliona turubai limechanika upande wa nyuma. Nilihesabu mwenyewe magunia 212 yaliyokuwa yameloa. Nilifungua magunia 37 kati ya hayo, na katika yote 37 niliona mchele umeshikana mabonge na unatoa harufu ya uvundo."

Hakuna neno "mbovu" humo, na hakuna anayelihitaji. Angalia pia kwamba haijasema magunia yote 212 yalikuwa na mchele ulioharibika. Alifungua 37, anaapia 37. Wakili mwenye haraka atataka kuandika 212 kwa sababu namba kubwa inavutia, lakini siku ukiulizwa, "Haya mengine 175 ulijuaje ndani yakoje?" haraka hiyo italipwa na wewe.

Sasa kuna jambo ambalo kwenye rasimu halipo kabisa, nalo ndilo la hatari kuliko yote. Usiku wa tarehe 14, lori lilipofika getini, dereva alitaka karatasi yake isainiwe. Mtunza ghala akasaini ile dilivari noti kwa tochi ya simu, turubai halijafunguliwa. Karatasi ile ina maneno yaliyochapwa tangu kiwandani: "Bidhaa zimepokelewa zikiwa katika hali nzuri." Bosi anasema tusiiguse. Mimi nasema iguse wewe kwanza, kwa sababu nakala iko kwa muuzaji na itakuwa kiambatisho cha kwanza kwenye kiapo kinzani chake. Ikitokea kwa adui, inakuwa umeficha. Ikitokea kwako, ni maelezo: "Kwamba, tarehe 14 Machi saa 4 usiku nilisaini hati ya kupokea mzigo lori likiwa getini, kabla turubai halijafunguliwa na kabla gunia lolote halijashushwa." Jaji akisoma aya hiyo ana sababu ya kutaka kusikia zaidi, na hilo ndilo mwombaji anatafuta katika hatua hii.

Ulichoambiwa

Dereva alimwambia mtunza ghala kwamba turubai lilichanika njiani kabla ya kufika Morogoro na mvua ikawanyeshea. Je, linaingia? Linaweza, ila kwa masharti. Amri ya 19, kanuni ya 3 ya Sura ya 33 inasema hati ya kiapo iishie kwenye mambo ambayo mwapaji anaweza kuyathibitisha kwa ufahamu wake mwenyewe. Katika maombi madogo yaliyo ndani ya shauri kauli za imani zinaweza kupokelewa, mradi msingi wa imani hiyo uelezwe. Kwa hiyo usiseme "turubai lilichanika kabla ya Morogoro". Sema: "Kwamba, niliambiwa na dereva wa lori hilo tarehe 14 Machi, na ninaamini ni kweli, kwamba turubai lilichanika kabla ya kufika Morogoro." Jina la dereva liwekwe, maana chanzo kisicho na jina ni uvumi.

Hata hapo usitegemee aya hiyo sana. Mahakama ya Rufani katika shauri la NBC dhidi ya Superdoll ilieleza kwamba hati ya kiapo inayomtaja mtu mwingine inabaki maneno ya kusikia mpaka mtu huyo naye aape. Dereva ni wa muuzaji, na si rahisi akuapie. Lakini kuli mkuu aliyeshika daftari la hesabu siku ile ni wa ghala lenu. Kama sehemu ya magunia aliyahesabu yeye, aape yeye, hata kwa ukurasa mmoja.

Viambatisho

Kila karatasi au picha unayoitaja inafuatwa na maneno kama haya: "Nakala yake imeambatishwa na kuwekewa alama A-1, na ninaomba iwe sehemu ya hati hii ya kiapo." Maana yake ni kwamba kilichomo kwenye karatasi kinahesabiwa kama umekisema wewe. Kwa hiyo isome. Ukiambatisha daftari la ghala lenye magunia 208 wakati aya yako inasema 212, umejipinga mwenyewe kabla hujapingwa na mtu.

Picha za simu zina swali lao: zimetokaje kwenye simu hadi kwenye karatasi? Andika nani alipiga, lini, kwa simu ya nani, na nani alizichapisha. Kama zilipitia kundi la WhatsApp la wafanyakazi, sema hivyo, na simu yenye picha za asili usiiuze.

Uthibitisho, pale wengi wanapoangukia

Baada ya aya ya mwisho kuna kipande kinachoitwa uthibitisho. Kwenye rasimu za kunakili huwa hivi: "Yote yaliyoelezwa katika aya ya 1 hadi ya 9 ni kweli kwa kadiri ya ufahamu wangu na imani yangu." Yanapendeza masikioni, na hayasemi kitu. Kazi ya uthibitisho ni kupanga aya katika mafungu: hizi nimeziona mwenyewe, hii niliambiwa, hii nimeshauriwa. Ukizichanganya zote, msomaji hawezi kujua ipi ina macho yako na ipi ina masikio yako.

Hati ya mtunza ghala wetu ina aya tisa. Aya ya 1 hadi ya 6 ni kazi yake, malori mawili, hesabu na picha. Ya 7 ni maneno ya dereva. Ya 8 inasema alimpigia bosi simu asubuhi ileile. Ya 9 inasema ameshauriwa na wakili kwamba mambo haya yanatosha kuomba ruhusa ya kujitetea. Kwa hiyo uthibitisho wake unapaswa kusomeka: "Yaliyoelezwa katika aya ya 1, 2, 3, 4, 5, 6 na 8 ni kweli kwa ufahamu wangu binafsi. Yaliyoelezwa katika aya ya 7 ni kweli kwa taarifa niliyopewa na dereva aliyetajwa humo, ambayo ninaiamini. Yaliyoelezwa katika aya ya 9 ni ushauri niliopewa na wakili wa mwombaji, ambao ninauamini."

Njia ya kukagua ni rahisi. Chukua kalamu, pita aya moja moja, na pembeni andika "nilikuwepo" au jina la aliyekuambia. Kisha linganisha na uthibitisho. Kosa linalorudi mara nyingi ni la namba: dakika za mwisho wakili ameingiza aya mpya katikati, iliyokuwa ya 7 imekuwa ya 8, na uthibitisho umebaki na namba za zamani. Ghafla unaapa kwamba uliona turubai likichanika Morogoro ukiwa Dar es Salaam.

Zamani dosari kama hiyo ilitosha kuangusha maombi mazima. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, yanayozitaka mahakama zitazame haki kuliko ufundi, majaji wengi hukubali aya yenye kasoro ifutwe au hati irekebishwe. Lakini ni kwa hiari yao. Na aya ikifutwa, tuseme ndiyo ya magunia 212, hati inabaki hai bila chochote ndani.

Mbele yangu

Sehemu ya mwisho, ambayo mawakili huiita jurati, si maneno yako. Ni ya kamishna wa viapo: "Imethibitishwa na kusainiwa hapa Dar es Salaam na (jina), ambaye ninamfahamu binafsi, leo tarehe 2 mwezi Aprili. Mbele yangu." Chini linakuja jina lake, saini, muhuri na anwani.

Kama hakufahamu, na mara nyingi hakufahamu, maneno ya kweli ni "ambaye ametambulishwa kwangu na fulani, ninayemfahamu binafsi". Basi lazima huyo fulani awepo. Mahali na tarehe si mapambo: kifungu cha 8 cha sheria inayowahusu makamishna wa viapo, Sura ya 12, kinataka vionyeshwe, na mwaka 2016 kiliongezwa takwa kwamba jina la kamishna nalo liandikwe. Katika shauri la kibiashara la D.B. Shapriya dhidi ya Bish International, Mahakama ya Rufani ilisema kuonyesha mahali kiapo kilipotolewa ni lazima. Tena sheria hiyo haimruhusu wakili anayeendesha shauri lenu akuapishe katika shauri hilohilo. Ndiyo sababu unaambiwa upande ghorofa ya pili kwa wakili mwingine. Panda.

Nasema panda kwa sababu mazoea ya mjini ni tofauti. Shahidi anasaini ghalani, mtumishi wa ofisi anachukua karatasi kwa bodaboda, anarudi zimepigwa muhuri. Amri ya 19 inairuhusu mahakama kumwita mwapaji ahojiwe juu ya kiapo chake, na swali la kwanza la wakili mzoefu halihusu mchele.

"Hati hii ulisaini wapi?"

"Ghalani, mheshimiwa."

"Kamishna alikuwepo ghalani?"

Baada ya hapo hata kama magunia yalikuwa yamejaa maji, hakuna anayesikiliza. Na kumbuka Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaweka kifungo cha hadi miaka 7 kwa ushahidi wa uongo unaotolewa kwa kiapo katika shauri. Anayefungwa ni mwapaji, hata kama rasimu iliandikwa na mtu mwingine.

Kama imeandikwa kwa Kiingereza

Tangu mwaka 2021 sheria inaitambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini mikataba ya biashara, hundi na mazoea ya ofisi nyingi za mawakili bado ni ya Kiingereza, na mahakama inaweza kukitumia pale haki inapohitaji. Ukiletewa hati ya Kiingereza na hukielewi vizuri, una haki ya kuomba iandikwe kwa Kiswahili. Isipowezekana, isomwe na kufafanuliwa kwako yote, na jurati iseme hivyo: "baada ya kusomewa na kufafanuliwa yaliyomo kwa lugha ya Kiswahili, ambayo ameonyesha kuielewa", pamoja na jina la aliyefafanua. Kufafanuliwa maana yake ni aya kwa aya. Kuambiwa "inasema yaleyale uliyotueleza" hakutoshi. Mwambie aanze na aya ya 5, na umsikilize akitaja 212 na 37.

Ukikuta kosa kabla ya kuapa, lirekebishwe na ukurasa uchapwe upya. Kama ni kukata kwa kalamu, wewe na kamishna mtie saini fupi pembeni mwa kila mkato. Hati ikishasajiliwa mahakamani haiguswi tena. Ukikumbuka jambo baadaye, mwambie wakili siku hiyohiyo, aombe ruhusa ya kuleta hati ya ziada, na katika hiyo ya ziada ueleze kwa nini jambo hilo halikuwemo kwenye ya kwanza.